Barua Itakayosomwa Msibani

Miaka kadhaa iliyopita tulimsindikiza mwenzetu wa ofisini kwenda kumzika mama yake kijijini, wilayani Korogwe. Baada ya ibada, mwongoza ratiba alisimama kusoma salamu za rambirambi: za ukoo, za kikundi cha akina mama, za kanisa, kisha za mwajiri. Barua ilianza vizuri. Aya ya pili ikasema mfiwa anakumbushwa kwamba likizo yake ni siku nne, na Jumatatu saa mbili asubuhi anatakiwa awe kazini. Msomaji akashusha sauti, lakini spika ilikuwa imeshayatoa maneno. Mwenzetu aliinamisha kichwa. Sisi tuliotoka naye mjini hatukujua tuangalie wapi.

Aliyeiandika barua ile hakuwa na roho mbaya, ninamfahamu. Alichanganya mambo ambayo hayakupaswa kukaa kwenye karatasi moja. Kwetu barua ya rambirambi haiishii mikononi mwa mfiwa. Inasomwa mbele ya shangazi, mashemeji, mchungaji au shehe na majirani, halafu inahifadhiwa kabatini pamoja na picha za marehemu. Kwa hiyo siku za likizo, kiasi cha fedha na tarehe ya kurudi vina karatasi yake, anayopewa mfiwa mwenyewe kimya kimya. Na habari za basi, michango na saa za kuaga zinakwenda kwenye tangazo la wafanyakazi.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha nguo Dar es Salaam. Fundi wa idara ya ushonaji amefiwa na baba yake hospitalini Jumatatu usiku, na familia imeamua kusafirisha mwili kwenda Masasi. Jumanne asubuhi ofisa utumishi asikimbilie kompyuta. Ampigie kwanza msemaji wa familia, wala si mfiwa, amuulize mambo matatu: jina kamili la marehemu kama familia inavyoliandika, uhusiano wake na mfiwa, na ratiba. Nimewahi kuona barua iliyonakiliwa kutoka kwenye msiba uliopita, ikabaki na jina la marehemu mwingine kwenye mstari wa mwisho. Kosa la namna hiyo familia hailisahau.

Barua yenyewe inaweza kuwa hivi:

"Ndugu ........,

Tumepokea kwa huzuni taarifa ya kifo cha baba yako mzazi, Mzee ........, kilichotokea Jumatatu usiku. Kwa niaba ya wenzako wote kiwandani, nakupa pole wewe, mama na familia nzima.

Tunamkumbuka Mzee alipokuja kukutembelea mwaka jana, akakaa getini na walinzi akiwasimulia habari za mikorosho yake mpaka ulipotoka kazini. Tangu siku ile walinzi hawakuacha kukuuliza hali yake.

Kazi zako tumeshazigawana, usiwe na wasiwasi nazo. Wenzako sita watakuwa nawe Masasi.

Mwenyezi Mungu ampumzishe Mzee kwa amani, na awajalie ninyi faraja."

Hakuna zaidi ya hapo, na mkuu wa kiwanda aitie saini kwa mkono wake. Habari ya walinzi ndiyo inayoonyesha kwamba barua imeandikwa kwa ajili ya mtu huyu. Kama hakuna anayemkumbuka marehemu, muulize anayekaa na mfiwa mashine ya jirani. Akikosekana hata huyo, acha aya hiyo, maana sifa za kubuni husikika mara moja masikioni mwa watu waliomjua mzee. Chanzo cha kifo kisitajwe. Na dua ya mwisho ifuate dini ya familia, ndiyo sababu swali hilo nalo aulizwe msemaji.

Sasa karatasi ya likizo. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo anapofiwa na mtoto, mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa. Siku hizo 4 ni jumla ndani ya mzunguko mmoja wa likizo, hata misiba ikiwa miwili. Mwajiri akiruhusu siku za ziada, sheria haimlazimishi kuzilipia. Anaweza pia kudai uthibitisho wa kuridhisha, kama kibali cha mazishi, ila sioni kwa nini audai kabla mtu hajarudi kutoka makaburini.

Ugumu uko kwenye neno "baba". Mtu aliyelelewa na baba yake mdogo atasema amefiwa na baba, wala hadanganyi. Lakini baba mdogo hayumo kwenye orodha ya kifungu hicho, kama wasivyokuwemo shangazi, mjomba na wakwe. Ndiyo maana swali la uhusiano linaulizwa mapema, na ndiyo maana kampuni inafaa iwe imeshaandika kwenye kanuni zake kwamba mlezi atahesabiwa kama mzazi. Sheria imesema "angalau", kwa hiyo mlango wa kutoa zaidi uko wazi. Kulijadili jambo hilo siku ya msiba, mtu akiwa analia upande wa pili wa simu, ni kumwongezea uchungu.

Tangazo ni karatasi ya shughuli. Linasomwa na mtu anayekwenda zamu, simu mkononi:

"Tunasikitika kuwatangazia kifo cha baba mzazi wa mwenzetu ........ wa idara ya ushonaji. Msiba upo nyumbani kwake Mbagala. Mwili utaagwa hapo Alhamisi, tarehe ...., saa 3 asubuhi, na safari ya Masasi itaanza saa 5. Mazishi ni Ijumaa saa 8 mchana.

Kampuni imetoa jeneza na basi la viti 26. Viti 20 ni vya familia, 6 ni vya wafanyakazi. Majina yamfikie katibu wa kamati ya maafa kabla ya Jumatano saa 10 jioni. Alhamisi idara ya ushonaji itaanza kazi saa 6 mchana ili wenzake wapate kuaga.

Mchango ni wa hiari na utafungwa Jumatano saa 12 jioni. Atapokea mweka hazina kwa namba ........; jina litakalotokea kwenye simu ni ......... Maswali apigiwe katibu. Tafadhali tusimpigie mfiwa."

Angalieni siku na tarehe. Tangazo linaloandikwa "kesho" likisambazwa kwenye makundi ya simu siku ya pili yake, watu wanafika Mbagala mwili umeshaondoka. Jina la mpokeaji nalo ni kinga, kwa sababu matapeli hunakili tangazo la msiba na kubadilisha namba tu. Jina la ajabu likijitokeza kabla ya kuthibitisha malipo, mtu anasita.

Familia ikiwa ya Kiislamu, mazishi mara nyingi hufanyika siku hiyohiyo au inayofuata, hivyo tangazo litoke ndani ya saa chache, hata kabla basi halijapatikana, na michango ifuate baadaye.

Neno "hiari" nalo lina uzito. Kifungu cha 28 cha sheria ileile kimeweka mipaka ya makato ya mshahara, na mhasibu hana ruhusa ya kumkata kila mtu elfu kumi kwa sababu tu bosi ameona inafaa. Kiasi alichotoa kila mmoja kisibandikwe ukutani pia, kwa ajili ya yule ambaye wiki hiyo hana kitu.

Lakini orodha yenyewe iandikwe yote kwa mkono, majina na viwango, ikunjwe na kuwekwa ndani ya bahasha ya ubani. Mfiwa ataihitaji. Ataitunza, na mmoja wa waliotajwa humo akifiwa, ataifungua kwanza kabla hajatoka nyumbani.