Alizeti Ikilinganishwa na Nini?

Programu ya takwimu iitwayo R huja na jedwali dogo la vifaranga 71, jina lake `chickwts`. Vifaranga hao waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi sita mara walipoanguliwa, kila kundi likapewa kirutubisho chake, na baada ya majuma sita wakapimwa uzito. Waliokula alizeti walifikia wastani wa gramu 328.9. Waliopewa kasini, yaani protini ya maziwa, 323.6, unga wa nyama 276.9, soya 246.4, mbegu za kitani 218.8. Wa mwisho ni waliolishwa maharage ambayo jedwali linayaita `horsebean`: gramu 160.2 tu.

Tukitaka kueleza uzito kwa chakula, tunakutana na kikwazo: mlinganyo wa regresheni hufanya kazi na namba, nao haujui "soya" ni nini. Kishawishi ni kuvipa vyakula namba, kasini 1, kitani 2, soya 3. Usifanye hivyo. Mlinganyo utaamini kwamba soya ni kasini mara tatu, na kwamba kutoka kasini hadi kitani ni hatua sawasawa na kutoka kitani hadi soya. Hakuna mfugaji atakayekubali.

Njia sahihi ni vigeu bandia. Kila chakula kinapewa safu yake: safu ya soya ina 1 kwa kifaranga aliyekula soya na 0 kwa wengine wote. Lakini makundi sita yanahitaji safu tano tu. Kifaranga mwenye sifuri katika zote tano amekwisha kujulikana kuwa ni wa kundi la sita. Ukilazimisha safu ya sita, jumla ya safu katika kila mstari itakuwa 1, sawa kabisa na safu ya namba ya kuanzia ambayo tayari imo, na hesabu itakosa jibu moja. R ikikuta hali hiyo huandika `NA` mahali pa jibu mojawapo. Ukiiona, chunguza kwanza kama umerudia habari ileile.

Kundi lisilo na safu ndilo kundi la rejea. Namba ya kuanzia ni wastani wake, na kila namba nyingine ni umbali kutoka kwake. Usipochagua wewe, R inachagua kwa alfabeti, na hapa inaangukia `casein`. Basi alizeti inasomeka +5.3, na thamani ya p ni 0.81. Anayesoma haraka husema alizeti haina athari, akaifuta safu yake. Hapo ndipo kosa linapoingia: vifaranga wa alizeti sasa wana sifuri kila mahali, kwa hiyo wamehamishiwa kimyakimya kwenye kundi la kasini. Mstari ule ulisema jambo moja tu, kwamba alizeti na kasini hazikutofautiana waziwazi.

Mfugaji hanunui kasini. Soya anaifahamu, na swali lake ni kama alizeti inaizidi. Tuifanye soya iwe rejea:

```
chickwts$feed <- relevel(chickwts$feed, ref = "soybean")
summary(lm(weight ~ feed, data = chickwts))
```

Sasa namba ya kuanzia ni 246.4, na alizeti ni +82.5, tofauti kubwa kuliko yumbayumba ya bahati, kwa kuwa kosa sanifu lake ni kama gramu 21.6. Vifaranga ni walewale. Jumlisha 246.4 na 82.5 utapata 328.9, wastani uleule wa mwanzo. Kipimo cha F, kinachouliza kama chakula kwa ujumla kina maana, kinabaki 15.36 kwa rejea yoyote. Kwa hiyo F ndiyo ya kutazama unapoamua kama chakula kibaki ndani ya mlinganyo, na safu zake tano hubaki pamoja au hutoka pamoja.

Mbali na swali, angalia idadi. Soya ina vifaranga 14, kundi kubwa kuliko yote. Tuseme rejea ingekuwa na vifaranga wawili tu: kosa sanifu la kuilinganisha na kundi la 12 lingefika gramu 42 hivi, badala ya 22 kwa makundi mawili ya 12. Na kwa kuwa kila mstari hupimwa kutoka rejea hiyo, wote wangeyumba pamoja, na tofauti za kweli zingeonekana kama hazipo. Ndiyo maana naepuka pia kuweka "mengineyo" kuwa rejea katika dodoso: hata kama ni kundi kubwa, limechanganya mambo mengi, na msomaji akiambiwa "zaidi ya mengineyo kwa 82" hawezi kujua amelinganishwa na nani.