Kabla ya Kununua Prado ya 1KZ, Iguse Ikiwa Baridi

Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990 zenye injini ya 1KZ-TE bado zinatafutwa, na kwa haki: dizeli hiyo ya lita 3 yenye tabo ina nguvu na hudumu. Udhaifu wake ni joto. Bloku ni ya chuma, silinda hedi ni ya aluminiamu, na injini ikichemsha hedi hupinda au hupasuka karibu na valvu. Hapo gesi ya mwako hupenya na kuingia kwenye maji ya rejeta. Ufa huo hauonekani ukifungua boneti, na muuzaji akishaosha injini na kujaza kulanti mpya, gari huonekana zima kabisa.

Kwa hiyo mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukikuta injini ina joto, rudi siku nyingine, kwani mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, maji yatakuunguza. Ikiwa baridi, ufungue. Maji ya rangi ya kutu yanaonyesha kuwa kulanti ilipuuzwa, na utando wa mafuta juu yake ni dalili mbaya zaidi.

Rudisha mfuniko, gari liwashwe, kisha shika mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Mpira ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, wakati maji bado ni baridi, shinikizo hilo halitokani na joto. Ni gesi inayotoka kwenye silinda.

Usiuachie mpira huo bado. Thamostati ikiwa nzima, mpira hubaki baridi kwa dakika kadhaa kisha hupata moto kwa ghafla. Ukianza kupata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo, huenda thamostati imeng'olewa. Mafundi wengi huing'oa gari linapochemsha, na mimi naona hiyo ni sababu tosha ya kumhoji muuzaji: ilitolewa lini, na kwa nini?

Sasa endesha, ukipanda mlima kama upo, kiyoyozi kikiwaka. Usiridhike na mshale wa joto kukaa katikati, kwa sababu geji hizi hutulia hapo hata joto linapopanda kiasi, na mshale ukishaanza kusogea umechelewa. Ukirudi, zima injini na uzungushe feni kwa mkono, ukijihadhari na joto. Ikizunguka mizunguko mingi bila kukaza, klachi yake imechoka.

Kipimo cha mwisho kinahitaji subira. Acha gari lilale, urudi asubuhi. Mpira ukiwa bado umejaa shinikizo, au maji ya chupa ya akiba yamepanda na rejeta imepungua, usinunue kabla fundi hajapima gesi kwenye rejeta kwa dawa inayobadilika rangi. Muuzaji akikataa kipimo hicho, achana na gari hilo.