Roosevelt Aliugua Tangu Lini?

Alasiri ya Aprili 12, 1945, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikuwa mapumzikoni Warm Springs, jimbo la Georgia. Mnamo saa saba mchana alilalamika kwamba kichwa kinamuuma sana upande wa nyuma, kisha akapoteza fahamu. Kabla ya saa kumi alikuwa amefariki, akiwa na umri wa miaka 63. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kwenye ubongo. Daktari wake mkuu, Ross McIntire, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kifo hicho hakikutarajiwa. Kwa maelezo yake, rais aliugua kwa saa mbili na nusu tu.

Leo tunajua kwamba sivyo ilivyokuwa. Lakini ukiuliza aliugua kwa muda gani hasa, utapewa majibu tofauti: mwaka mmoja, miaka minne, hata minane. Majibu hayo yanatofautiana kwa sababu yanajibu maswali matatu. Kuna siku ugonjwa ulipoanza mwilini, kuna siku madaktari walipoujua, na kuna siku mgonjwa mwenyewe alipojua. Anayetaka kupima urefu wa ugonjwa uliofichwa lazima azitafute tarehe hizo moja moja, bila kuzichanganya.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa faili. Rekodi za matibabu za Roosevelt zilizotunzwa katika hospitali ya jeshi la majini ya Bethesda zilitoweka baada ya kifo chake, na uchunguzi wa maiti haukufanyika. Kwa miaka 25 neno la McIntire ndilo lililotawala. Kisha, mwaka 1970, daktari wa moyo Howard Bruenn alichapisha katika jarida la kitabibu maelezo ya jinsi alivyomtibu rais katika mwaka wake wa mwisho.

Bruenn alimpima Roosevelt kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Machi 1944, baada ya Anna, binti wa rais, kusisitiza kwamba baba yake achunguzwe vizuri. Mgonjwa alikuwa anahema kwa shida na midomo imepiga rangi ya buluu. Mapafu yalisikika yana maji kwa chini, na eksirei ilionyesha moyo uliotanuka. Presha ilikuwa 186 kwa 108. Bruenn aliona mara moja kwamba moyo umeanza kushindwa kazi. Rais alianzishiwa dawa ya dijitalisi ya kuutia moyo nguvu, akapunguziwa chumvi na sigara, na saa zake za kazi zikakatwa. Siku chache baadaye McIntire aliwaambia waandishi kwamba rais yuko vizuri kwa mtu wa umri wake.

Hapo tuna tarehe moja isiyo na shaka: kufikia mwisho wa Machi 1944 madaktari walijua. Kutoka siku hiyo hadi kifo ni mwaka mmoja na wiki mbili.

Lakini je, ugonjwa ulianza siku hiyo? Moyo hautanuki kwa wiki mbili. Ukiwa mkubwa kwa sababu ya presha, maana yake umekuwa ukisukuma damu dhidi ya mzigo mzito kwa miaka. Bruenn alivitoa pia vipimo vya nyuma. Mwaka 1935 presha ya rais ilikuwa 136 kwa 78, ambayo kwa mtu wa miaka 53 haikumshtua daktari yeyote. Aprili 1937 ilifika 162 kwa 98. Novemba 1940 ilikuwa 178 kwa 88, na Februari 1941 ikapanda hadi 188 kwa 105.

Namba moja peke yake ingeweza kuelezwa kwa hasira au uchovu wa siku ile. Namba zinazopanda kwa miaka sita, kisha moyo ukakutwa umetanuka, haziwezi kuelezwa hivyo. Kwa hiyo mwili wa Roosevelt ulikuwa mgonjwa angalau tangu 1941, miaka minne kabla ya kifo, na inawezekana kabisa tangu 1937.

Tusiruke hapa na kumtuhumu McIntire kwamba alificha ugonjwa kwa miaka minane. Yeye alikuwa bingwa wa pua, koo na masikio, na wakati ule hapakuwa na dawa nzuri ya presha. Madaktari wengi waliona presha kupanda na umri kuwa jambo la kawaida. Daktari hupimwa kwa elimu ya zama zake. Kuficha kunaanza pale palipo na jina la ugonjwa, matibabu yake, na kauli ya hadharani inayokwenda kinyume. Kwa Roosevelt vyote vitatu vinakutana majira ya kuchipua ya 1944.

Tarehe ya tatu ilikuwa ngumu zaidi. Bruenn aliandika kwamba rais hakuwahi kumuuliza lolote kuhusu hali yake, na wengi wakaamini kwamba Roosevelt alikufa bila kujua. Kisha, baada ya kifo cha Margaret Suckley mwaka 1991, shajara ya binamu huyo wa mbali wa rais ilipatikana. Mapema Mei 1944 Suckley aliandika kwamba rais alimweleza kuwa madaktari hawakupatana la kumwambia, naye akang'amua kwamba yu mgonjwa kuliko wanavyosema, na kwamba tatizo liko kwenye moyo.

Shajara hiyo ina uzito mkubwa kwa sababu iliandikwa wakati huohuo, na mtu asiyejua mwisho utakuwaje, wala asiyejitetea mbele ya umma. Kumbukumbu iliyoandikwa baada ya kifo, hata ya daktari mkweli, huwa tayari imeshajua mwisho.

Viko vipimo vinavyodanganya. Watu hutazama picha za Yalta za Februari 1945, wakaona uso uliokonda, wakahesabu kuanzia hapo. Picha huonyesha ugonjwa ulipochelewa kufichika. Ndiyo maana pia doa lililokuwa juu ya jicho la kushoto la Roosevelt, ambalo baadhi ya waandishi wanadai lilikuwa saratani ya ngozi, limebaki hoja isiyo na jibu: bila kipande cha nyama kilichopimwa maabara, picha haithibitishi saratani.

Kutoonekana hadharani nako kunapotosha. Rais John Magufuli alionekana hadharani mara ya mwisho Februari 27, 2021, na kifo chake kikatangazwa Machi 17. Wengi walizihesabu siku hizo 18. Lakini tangazo la Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan lilisema maradhi ya moyo yalikuwa yamemsumbua kwa zaidi ya miaka kumi. Siku za kutoonekana hupima ukimya wa ikulu tu.

Kwa nini tuhangaike na tarehe hizi? Kwa sababu katikati yake kuna nyingine: Novemba 7, 1944, Wamarekani walipomchagua Roosevelt kwa muhula wa nne. Julai 10 mwaka huohuo, daktari wa upasuaji Frank Lahey, aliyekuwa miongoni mwa walioitwa kumwona rais, aliandika waraka wa siri akisema haamini kwamba Roosevelt ataweza kuumaliza muhula mwingine. Waraka huo ulikaa gizani kwa miongo mingi.

Hivyo basi, jibu langu ni hili. Roosevelt aliugua kwa miaka minne au zaidi, madaktari walijua kwa mwaka mmoja, naye alijua kwa miezi kumi na moja. Wapiga kura, waliokuwa wakimchagua mtu wa kuwaongoza vitani kwa miaka minne, hawakuambiwa hata siku moja. Makamu wake mpya, Harry Truman, aliapishwa jioni ya kifo, na ndipo alipoanza kuelezwa habari za bomu la atomiki.