Mzidi Mpinzani kwa Ukweli

Tuseme unauza sabuni ya unga. Pakiti yako ya gramu 1,000 ni shilingi 4,000. Ya mpinzani, gramu 900, ni shilingi 3,900. Gramu 100 za kwako ni shilingi 400, za kwake 433. Unataka kutangaza: "Sisi ni nafuu zaidi."

Soma kwanza maelekezo ya pakiti zote mbili. Kama ndoo ya nguo inahitaji gramu 100 za kwako lakini 75 tu za kwake, mteja wako atatumia shilingi 400, wa mwenzako 325. Hesabu yako ni sahihi, ila tangazo linampotosha mnunuzi, kwa sababu anachotafuta ni nguo safi.

Basi tafuta ulipomzidi kweli. Fua vitambaa vya aina moja, vyenye doa moja, kwa maji yaleyale, kila sabuni kwa kipimo chake. Ikishinda yako kwenye doa la mafuta, taja doa hilo tu na tarehe ya jaribio. Usiseme sabuni yake haifai. Mpinzani akibadilisha sabuni yake, liondoe tangazo, upime upya.