Mradi wa mwaka wa mwisho: alama zikipangwa vibaya, kazi hufanywa wiki ya mwisho

Mwanafunzi wa uhandisi anapokabidhiwa mwongozo wa mradi wa mwaka wa mwisho, huanza na jedwali la alama, kisha ndipo asome mengine. Akiona ripoti ya mwisho ina alama 70 kati ya 100, ameshajua la kufanya: miezi ya mwanzo atasoma masomo mengine, na mradi ataukimbiza mitihani ikikaribia. Huo si uvivu. Amesoma alichoandikiwa na kukitii. Kwa hiyo mhadhiri anayeandaa mwongozo wa tathmini anaamua jinsi vijana watakavyoutumia mwaka mzima, hata kama mwenyewe anadhani anajaza fomu ya idara tu.

Tuchukue mradi mmoja: kikaushio cha dagaa kinachotumia joto la jua. Pwani na kwenye mialo ya Ziwa Victoria, dagaa wengi huanikwa mchangani au juu ya vichanja, na mvua ikinyesha mfululizo mzigo huoza. Wanafunzi wanne wana mihula miwili, jumla ya wiki 30, kubuni kifaa, kukiunda na kukijaribu.

Sentensi ya kwanza ya mwongozo ndiyo inayoharibika mara nyingi. "Tengenezeni kikaushio bora cha dagaa" haipimiki, na kisichopimika hakisahihishiki kwa haki. Iandikwe hivi: kifaa kikaushe kilo 20 za dagaa wabichi hadi unyevu usiozidi asilimia 15 ndani ya siku mbili za jua, na vifaa vyote visizidi bajeti iliyotajwa. Hapo mwanafunzi, msimamizi na mtahini wa nje wote wanajua kazi imekamilika lini.

Vituo vinavyozuia makosa

Baada ya lengo huja vituo, yaani tarehe ambazo kundi linakabidhi kitu na kupata jibu. Kosa la kawaida ni kuweka "ripoti ya maendeleo" kila mwezi. Kundi huandika kurasa mbili za kueleza kwamba linaendelea vizuri, msimamizi anasaini, na hakuna kilichojulikana. Kituo kizuri huwekwa mahali ambapo kosa bado ni rahisi kurekebisha, na kinachokabidhiwa ni kile kinacholifichua kosa hilo.

Kwa kikaushio chetu, kituo muhimu kuliko vyote ni wiki ya 12, kabla bati moja halijanunuliwa. Kundi likabidhi michoro pamoja na hesabu ya joto. Dagaa wabichi wana maji kama asilimia 75, kwa hiyo kilo 20 zina kilo 5 tu za nyama kavu. Zikikaushwa hadi unyevu wa asilimia 15 zitabaki kilo 5.9 hivi, maana yake kilo 14 za maji lazima ziondoke. Kila kilo ya maji huhitaji takriban megajouli 2.4 ili igeuke mvuke, na jumla ni karibu megajouli 34. Mita moja ya mraba inayopigwa na jua zuri hupokea kama megajouli 18 kwa siku, lakini kikaushio cha kawaida kikifaidi theluthi moja ya hizo, yaani 6, kimejitahidi. Kwa siku mbili, basi, kunahitajika karibu mita 3 za mraba za kupokea jua.

Kundi lililochora sanduku la mita moja ya mraba litanaswa hapa kwa karatasi na kalamu. Bila kituo hiki litanaswa wiki ya 25, pesa zimekwisha na dagaa wamebaki mbichi.

Msimamizi naye afungwe na mwongozo huohuo: majibu ya kila kituo yatoke ndani ya siku saba. Maoni yanayofika baada ya chuma kukatwa hayamsaidii mtu.

Uzito wa alama

Mgawanyo unaofaa mradi huu unaweza kuwa hivi:

- Pendekezo la mradi, wiki ya 4: alama 10
- Michoro na hesabu, wiki ya 12: alama 20
- Kifaa na takwimu za majaribio, wiki ya 24: alama 25
- Ripoti ya mwisho, wiki ya 28: alama 25
- Daftari la kazi la kila mwanafunzi: alama 10
- Utetezi wa ana kwa ana, wiki ya 30: alama 10

Zile 25 za kifaa zigawanywe tena: 10 kwa kuunda, 15 kwa majaribio na ufafanuzi wake. Zisipogawanywa, kundi ambalo kifaa chake kimefanya kazi kwa bahati, bila kipimo hata kimoja, litalishinda lile lililoishia unyevu wa asilimia 22 lakini likapima joto kila saa na kuonyesha hewa ilivujia wapi. La pili ndilo lililofanya uhandisi.

Kuna mtego mwingine usioonekana kwenye jedwali. Uzito ulioandikwa si lazima uwe uzito unaofanya kazi. Ikiwa wasimamizi, kwa ukarimu, hutoa kati ya 7 na 9 kwa kila pendekezo, kipengele hicho kinawatofautisha wanafunzi kwa alama 2 tu. Ripoti ikisahihishwa kati ya 9 na 21, tofauti ni 12, na ripoti ndiyo inayoamua madaraja. Dawa yake ni kueleza kwa maneno kila kiwango kinamaanisha nini. Kwa mfano, pendekezo la alama 9 lina lengo linalopimika na limelinganisha angalau njia mbili za kukausha. La alama 4 limetaja tatizo bila kipimo. Watahini wawili wasahihishe kila mmoja peke yake, na wakipishana kwa zaidi ya alama 10 katika 100, aitwe wa tatu.

Nani alifanya kazi?

Malalamiko makubwa ya miradi ya kundi ni ya mwenzao aliyeonekana siku ya kupiga picha tu. Njia rahisi ni kumpa kila mwanafunzi pointi 100 awagawie wenzake watatu, bila kujipa mwenyewe. Kwa watu wanne, wastani wa kupokea ni 100. Aliyepata 105 kazi yake ya kundi huzidishwa kwa 1.05, aliyepata 85, kwa 0.85.

Tuseme kundi lilipata 56 kati ya alama 80 za pamoja. Wa kwanza atakuwa na 58.8, akiongeza 8 za daftari na 8 za utetezi anafika 74.8. Wa pili ana 47.6, na kwa 3 za daftari na 4 za utetezi anaishia 54.6. Kazi ni ileile, lakini tofauti ni zaidi ya alama 20, na kila moja ina ushahidi.

Njia hii ina udhaifu. Marafiki wanaweza kukubaliana wapeane sawa, au watatu wakamwonea mmoja. Ndiyo maana kizidisho kiwekewe mipaka, tuseme 0.8 hadi 1.1, na msimamizi akilinganishe na madaftari aliyoyasaini kila wiki. Daftari lililojazwa usiku mmoja hujulikana: wino mmoja, mwandiko mmoja, na hakuna kipimo kilichofutwa wala kurudiwa.

Mhadhiri unayeandaa mwongozo wa muhula ujao, kabla hujaugawa lisome jedwali la alama peke yake, kama mwanafunzi mwenye haraka. Tafuta kazi ambayo anaweza kuiruka na bado akapata daraja zuri. Ukiipata, usimsubiri airuke ndipo umlaumu. Badilisha jedwali.