Mlango, Kitanda na Meza: Wapi Pesa Iende Kwanza

Fundi akiulizwa kama kiti cha magurudumu kitapita mlangoni, hupima ubao wa mlango, kisha husema, "Sentimita 75, kitapita, mama." Kipimo hicho hakisaidii kitu. Kinachotakiwa ni nafasi tupu inayobaki mlango ukiwa wazi, yaani kutoka kwenye uso wa ubao uliofunguliwa hadi mwimo wa upande wa pili. Ubao ukisimama wima kwenye bawaba zake hula sentimita 4 hivi za upana, na komeo linaweza kula zaidi. Kiti nacho hakipimwi kwenye kikalio. Hupimwa kutoka ukingo wa nje wa pete ya kusukumia hadi ukingo wa nje wa pete ya pili, kisha huongezwa sentimita 5 kila upande kwa ajili ya vidole vya mwenye kujisukuma.

Shangazi yangu anakaa Tabata, Dar es Salaam. Kiti chake kina upana wa sentimita 66, kwa hiyo ukijumlisha mikono anahitaji 76. Korido ya nyumba ina sentimita 105. Mlango wa chumba chake una 80 kati ya miimo, ambazo ubao ukisimama hubaki 76. Mlango wa bafu una 72, zinabaki 68. Bei nitakazotaja ni zile tulizotajiwa na mafundi na maduka ya mtaani kwetu. Kwingine zitatofautiana, lakini mpangilio wa kipi ghali na kipi rahisi haubadiliki sana.

Wazo la kwanza la familia lilikuwa kubomoa ukuta wa korido. Hilo ndilo la kuachwa kabisa, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri. Kiti hakiingii chumbani kwa mstari mnyoofu. Kinatoka koridoni na kukata kona. Mlango ukiwa mpana zaidi, korido inaruhusiwa kuwa nyembamba zaidi. Kanuni za ujenzi za Uingereza zimeliweka jambo hili kwa namba: mlango wenye nafasi tupu ya sentimita 75 unahitaji korido ya 120 ikiwa kiti kinaujia kwa ubavu, wa 77.5 unahitaji 105, na wa 80 unatosheka na 90. Sentimita 5 za mlango zinakuokolea 30 za korido. Ukuta wa korido pengine umebeba uzito wa paa, wakati mlango ni tundu tu.

Kwa korido yetu ya 105, basi, tulihitaji 77.5. Chumba cha shangazi kilipungukiwa na sentimita moja na nusu, na mkosaji alikuwa kabati lililokaa nyuma ya mlango, likiuzuia usifunguke zaidi ya pembe mraba. Tulilihamisha. Sasa ubao unalala hadi ukutani, na nafasi imerudi kuwa 80 bila gharama. Kabla hujamwita fundi, fungua kila mlango mpaka mwisho wake na uangalie unagonga nini.

Bafu halikuwa na njia rahisi kama hiyo. Kung'oa ubao na kuweka pazia kungegharimu 20,000 na kutupa 72. Kiti kingepita kama kingekuja kimenyooka, lakini pale lazima kikate kona, na 72 haitoshi. Halafu kuna heshima: mtu mzima kuoga nyuma ya pazia huku wajukuu wanapita si jambo la kudumu. Pazia ni sawa kwa wiki mbili unapokusanya pesa.

Tulibaki na kupanua. Fremu 90,000, ubao mwepesi 100,000, ufundi 120,000, mifuko miwili ya saruji 34,000, nondo 30,000, mchanga na kokoto 30,000. Hapo ni 404,000. Swali lililobaki lilikuwa mlango ufunguke vipi. Ukifungukia ndani unameza nafasi ya bafu, na mtu akianguka mwili wake unaweza kuuziba usifunguke. Ukifungukia nje unaziba korido yenyewe. Tuliongeza 110,000 za reli ya juu na magurudumu yake, mlango ukawa wa kuteleza ukutani upande wa korido, jumla 514,000. Mlango wa namna hii hauli upana hata kidogo: tumejenga 85 kati ya miimo na tumepata 85. Sharti lake ni ukuta mtupu wa kama mita moja pembeni, usio na swichi. Reli isiwe sakafuni, kwa sababu magurudumu madogo ya mbele yatakwama. Na linta mpya iingie ukutani angalau sentimita 15 kila upande. Fundi anayetaka kuikatisha sawasawa na tundu arudishwe kazini, kwani ufa wa mshazari juu ya kona za mlango hutokana na haraka ya aina hiyo.

Kwenye samani, kipimo kinachotawala vyote ni urefu wa kikalio kutoka sakafuni, kikiwa na mto wake na mwenyewe akiwa amekaa. Cha shangazi ni sentimita 52. Kitanda chake cha mninga chenye godoro la inchi 8 kilifika 64, na akikaa ukingoni godoro linabonyea hadi 60. Kushuka kwenda kwenye kiti aliweza. Kupanda kurudi kulihitaji watu wawili kila usiku.

Muuza samani alipendekeza kitanda kipya cha 450,000. Jirani alipendekeza godoro la inchi 5, ambalo lingeshusha sentimita 7 au 8 kwa bei nafuu zaidi. Ushauri wa jirani ndio wa hatari: mtu anayelala muda mrefu bila kujigeuza vizuri akipewa godoro jembamba, nyonga na mkia wa mgongo hukandamizwa na mbao, na vidonda vya kulalia huanza hapo. Seremala alikata miguu ya kitanda sentimita 8 kwa 15,000. Mwambie tu aache uwazi wa kutosha chini ya kitanda, kama sentimita 20, ili vikanyagio vya kiti viingie. Kwa sababu hiyo hiyo, vile vitanda vya sanduku vyenye droo hadi sakafuni havifai hata vikiwa na urefu sahihi.

Meza ya kulia ilikuwa na urefu wa kawaida wa 76, lakini ubao wa ubavuni chini yake ulishuka hadi 64. Mapaja ya shangazi yako 66, na mikono ya kiti iko 72. Alikuwa anakula akiwa mbali na sahani, wali unamwagikia kifuani. Kuinua meza kwa vipande vya mbao kungemfaa yeye na kuwaharibia wote: ili mikono ya kiti ipite, meza ingefika 85, na anayekaa kiti cha kawaida angekula na sahani karibu na kidevu. Meza mpya ni 250,000. Seremala aliondoa ule ubao wa upande mmoja tu, akaimarisha kona kwa vyuma vya pembe, 25,000. Uwazi sasa ni 73, na mikono ya kiti inapita kwa sentimita moja.

Kilichobaki ni njia ya nje, kutoka getini hadi barazani, mita 10 za mchanga. Kwa zege la unene wa sentimita 10, upana wa 90 unataka mifuko 6 ya saruji na upana wa 120 unataka 8. Anayesukuma hutembea nyuma ya kiti, hivyo 90 inatosha kwenye mstari mnyoofu. Mifuko miwili inayobaki tutaimwaga kwenye kona ya barazani, ambako kiti kinahitaji mraba wa sentimita 150 ili kigeuke.