Mashairi ya Muyaka katika hati ya Kiarabu (2): Be moja, sauti nne

Juma lililopita tulimwacha Mwalimu Sikujua bin Abdallah mjini Mombasa, akiyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji miaka mingi baada ya Muyaka kufariki mnamo 1840. Sikujua aliyaandika kwa herufi za Kiarabu. Padri W. E. Taylor akayachukua, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha Johannesburg kwa herufi za Kirumi kwa jina la Diwani ya Muyaka. Leo tuangalie kazi iliyo kati ya ile hati na kile kitabu, kwa sababu baadhi ya wasomaji wa Kitale na Bungoma waliopitia madrasa hudhani kwamba anayeweza kusoma msahafu ataweza pia kusoma hati hizo. Herufi atazitambua zote. Maneno ndiyo yatakayomponyoka.

Kiarabu hakina p, wala hakina mb inayotamkwa kwa pumzi moja. Kwa hiyo mwandishi wa zamani alitumia herufi be kwa b, kwa p, kwa mb, na hata kwa mp. Wako walioongeza nukta ili kuitofautisha p, kama wafanyavyo Waajemi, lakini si wote, na aliyeongeza hapa huenda akasahau mistari miwili mbele. Chukua neno hili: be yenye fataha, alifu, kisha be nyingine yenye fataha. Laweza kuwa baba, papa, bamba au pamba. Ile alifu ya katikati isikudanganye ukavuta sauti. Waandishi wetu walizoea kutia herufi ya kuvuta katika silabi ya pili kutoka mwisho, pale penye mkazo, na hiyo ndiyo kazi yake hapo.

Msemaji wa Lubukusu ana sababu ya kutomcheka mwandishi huyo. Katika khubona, yaani kuona, ile b ni laini, midomo haifungi sawasawa. Akisema mbona, yaani naona, midomo inafunga kabisa. Shina ni lile lile, na b ile nzito hutokea tu inapotanguliwa na m. Mtu anayeandika b kwa sauti zote mbili, akimwachia msomaji atofautishe, hana tofauti kubwa na mwandishi wa Mombasa.

Hata hivyo, mwandishi wa Mombasa hakuiacha kila m. Ile iliyo silabi kamili, inayohesabiwa katika mizani, kwa kawaida aliiandika kwa mimu. Katika "mtu mbaya", mbaya ina mizani tatu, na mimu utaiona. Katika "nyumba mbaya", neno hilo lina mizani mbili tu, na mara nyingi utakuta be peke yake. Kwa hiyo shairi la mizani kumi na sita, nane kwa nane, likikupa kumi na tano, rudi utazame kama kuna silabi uliyoimeza.

Mizani haiwezi kukuamulia kati ya baba na pamba, maana yote mawili yana mizani mbili. Hapo ndipo vina vinapofaa. Tuseme mstari wa kwanza wa ubeti unaishia kwa neno lisiloweza kusomeka ila nyumba, wa pili kwa sambamba, na wa tatu kwa lile neno letu la be mbili. (Mfano ni wangu, si wa Muyaka.) Kina ni -mba, kwa hiyo baba na papa yametoka. Yamebaki bamba na pamba, na kati ya hayo huna budi kusoma maana ya ubeti mzima: kama mshairi anazungumzia nguo au taa, ni pamba. Lakini ukikuta maneno yote matatu yana utata, vina havikusaidii, kwa kuwa -ba, -pa na -mba kwenye karatasi ni sura moja. Mhariri mwaminifu huandika chaguo lake na kuweka lile jingine pembeni.

Irabu nazo zina lao. Kasra moja ni i na ni e. Dhuma moja ni u na ni o. Kefu yenye kasra, ye, kisha te yenye kasra: soma kiti, keti, kete au kite. Yote manne ni maneno halali, na kite, yaani huruma ya moyoni, ndilo ambalo kijana wa leo hulisahau kwanza, hasa katika shairi la mapenzi ambapo ndilo lingefaa. Mwenye kunukuu huelekea kuchagua neno analolijua yeye, na kwa njia hiyo shairi la zamani hugeuka likazungumza kama gazeti.

Juma lijalo: mato na nti, yaani macho na nchi, na kwa nini kuyasanifisha maneno ya Kimvita huvunja vina ambavyo tumetoka kuvitumia kama ushahidi.